Biti Moja Iliyozidi: Namba Nasibu kati ya Sifuri na Moja

Kompyuta haina njia ya kuchota desimali nasibu moja kwa moja. Inachoweza kutoa ni biti, yaani sifuri na moja zilizopangwa mstari, 32 au 64 kwa mkupuo. Biti hizo zikisomwa kwa pamoja huwa namba kamili. Desimali huja baadaye, kwa kugawanya: namba kamili iliyopatikana hugawanywa kwa idadi ya namba zote ambazo zingeweza kupatikana, na jibu huwa sifuri au zaidi, lakini halifiki moja. Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Ndani ya kompyuta, kila jibu linapaswa pia kukaa kwenye nafasi iliyotengwa, na lisipoenea hukadiriwa, yaani husogezwa hadi kwenye namba iliyo jirani. Matatizo mengi yanayoelezwa hapa yanatokana na kusogezwa huko.

Nafasi hizo hazijapangwa kwa umbali sawa. Muundo wa kawaida wa kuhifadhi desimali, unaoitwa `double` katika lugha nyingi za programu, unatunza tarakimu muhimu 53 za sifuri na moja, pamoja na tarakimu nyingine zinazoonyesha nukta imekaa wapi. Kwa hiyo ni kama rula ya ajabu. Kati ya 0.5 na 1 ina alama nyingi mno. Kati ya 0.25 na 0.5 ina alama idadi ileile, ingawa eneo limepungua nusu. Kati ya 0.125 na 0.25 idadi ni hiyohiyo tena. Kadiri sifuri inavyokaribia, ndivyo alama zinavyosongamana. Karibu na moja alama zimeachana zaidi, na hapo ndipo kukadiria huleta hasara ya kwanza.

Jambo hili huonekana vizuri kwenye mashine ndogo ya kubuni. Tuseme mashine hiyo inatunza tarakimu muhimu tatu tu za sifuri na moja, na mtengenezaji wake ameamua kuchota biti nne, yaani namba kamili kuanzia 0 hadi 15, kisha kugawanya kwa 16. Namba 0 hadi 7 hazina tatizo, kwa kuwa kila moja inaandikika kwa tarakimu tatu. Kuanzia 8 kwenda juu, namba huandikwa kwa tarakimu nne, na zinazoenea ni zile tu zinazoishia na sifuri: 8, 10, 12 na 14. Namba witiri hazina mahali pa kukaa. Zimeangukia katikati kabisa ya alama mbili, na kanuni ya kawaida ya kukadiria inasema katika hali hiyo ichaguliwe alama ambayo tarakimu yake muhimu ya mwisho ni sifuri.

Kwa kanuni hiyo, 9 inarudi kwenye 8. Namba 11 inapanda hadi 12, na 13 inashuka hadi 12 hiyohiyo. Namba 15 inapanda hadi 16. Baada ya kugawanya kwa 16, jibu 0.75 limepata namba tatu (11, 12 na 13), ilhali jirani zake wawili, 0.625 na 0.875, wana moja moja tu. Tena limezuka jibu ambalo halikukusudiwa kabisa: 16 gawanya kwa 16, yaani 1. Mtengenezaji angechota biti tatu badala ya nne na kugawanya kwa 8, angepata majibu manane, 0 hadi 0.875, kila moja likiwa na nafasi sawa ya kutokea. Biti ya nne ilidhaniwa kuongeza usahihi, kumbe ndiyo iliyouharibu.

Kosa hilihili liliwahi kuwamo katika lugha ya Java. Katika matoleo ya mwanzo, amri ya `nextDouble` iliunganisha mafungu mawili ya biti 27 na kupata biti 54, huku tarakimu muhimu za `double` ni 53:

```java
(((long) next(27) << 27) + next(27)) / (double) (1L << 54)
```

Yaliyotokea kwenye mashine ndogo yalijirudia hapa kwa kiwango kikubwa. Katika nusu ya juu, kati ya 0.5 na 1, kila alama inayoishia na sifuri ilivuta witiri wa kushoto na wa kulia, hivyo ikapata namba tatu, na kila alama inayoishia na moja ikabaki na yake tu. Maelezo rasmi ya Java yenyewe yanakiri kwamba biti ya mwisho ilikuwa na uwezekano mara tatu wa kuwa 0 kuliko kuwa 1. Dawa ilikuwa kupunguza biti moja:

```java
(((long) next(26) << 27) + next(27)) / (double) (1L << 53)
```

Sasa namba zote zinaenea, hakuna inayokadiriwa, na kila jibu lina fungu lake sawa na mengine. Python hufuata njia hiyohiyo, ikichukua biti 27 na 26 na kugawanya kwa 9,007,199,254,740,992, ambayo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 53. Inafaa kuongeza kwamba chombo cha Java cha `Random` hutunza biti 48 tu ndani yake, kwa hiyo hata baada ya marekebisho hakiwezi kufikia alama zote hizo. Kugawanya vizuri hakuongezi unasibu ambao haukuwepo tangu mwanzo.

Upendeleo wa biti ya mwisho ni mdogo, na programu nyingi hazitauhisi. Jibu la 1 ni hatari zaidi, hasa kwa muundo mdogo wa `float` wenye tarakimu muhimu 24, unaotumika sana katika michezo ya kompyuta na kazi za picha. Mtu akichota biti 32 na kugawanya kwa 4,294,967,296, namba 128 za mwisho kabisa zote zinapanda hadi 1. Hiyo ni mara moja katika kila 33,554,432. Ni nadra kiasi cha kupita majaribio ya kawaida bila kuonekana, lakini programu inayochota namba milioni 100 itategemea kukutana nayo mara tatu hivi.

Madhara yake ni ya papo hapo. Programu inayochagua mmoja kati ya washiriki kumi huzidisha namba nasibu kwa 10 na kuondoa desimali, ikitegemea kupata 0 hadi 9. Ikipewa 1, inapata 10, na inakwenda kumtafuta mshiriki ambaye hayumo kwenye orodha. Programu husimama, au inasoma kitu kisicho chake kwenye kumbukumbu, na aliyeiandika akiirudia haoni kosa. Maktaba ya kawaida ya C++ nayo iliangukia humo: `std::generate_canonical`, ambayo kwa kanuni zake haipaswi kufika 1, iligundulika kuwa inaweza kuitoa. Kuibadilisha 1 kwa namba kubwa kuliko zote chini yake huzuia ajali, ila namba hiyo basi hupata fungu lake pamoja na la 1. Njia safi ni kutupa biti nane za ziada kabla ya kugawanya. Wala hakuna haja ya kusubiri bahati ili kujua kama programu ina kosa hili: inatosha kuilisha kwa mkono namba kamili kubwa kuliko zote, 4,294,967,295, na kutazama inachotoa.

Upande wa sifuri shida ni kinyume chake. Kule alama zipo tele lakini hazitumiki. Njia ya biti 53 hutua kwenye alama zilizo na umbali sawa, na hivyo huruka zile zilizosongamana karibu na sifuri. Kwa `double`, katika kila alama 511 hivi zilizopo kati ya sifuri na moja, ni moja tu inayoweza kutoka. Kwa anayehitaji wastani au anayechanganya orodha, hilo si kitu. Kwa anayepitisha namba hiyo kwenye logarithi, ni jambo kubwa.

Mfano ni kuigiza muda wa kusubiri: simu zinazoingia kituo cha huduma, au wateja wanaofika kwenye foleni. Kanuni yake ni kuchukua namba nasibu, kutafuta logarithi yake asilia, na kubadili alama ya kutoa. Namba ikiwa sifuri, jibu halina mwisho na hesabu yote inaharibika, kwa hiyo mwandishi makini hutumia moja kutoa namba nasibu, ambayo kamwe haiwi sifuri. Bado mkia wa hesabu unabaki umekatwa. Kwa `float` yenye hatua za biti 24, muda mrefu kuliko wote unaowezekana ni mara 16.64 ya wastani. Unaofuata ni 15.94, kisha 15.54, na kati yao hakuna kitu. Katika kusubiri mara milioni 100, kama sita hivi kunapaswa kufikia 16.64 au kupita hapo, kila kumoja kwa urefu wake. Mashine itazitoa zote sita zikiwa na urefu uleule mmoja. Hapo ndipo pa kuangalia: majibu makubwa kuliko yote yakijirudia tarakimu kwa tarakimu, chanzo ni hatua za namba nasibu. Kwa biti 53 kikomo husogea hadi mara 36.7 ya wastani, mbali kiasi cha kutosha kazi nyingi.

Anayetaka kutumia alama zote ana njia iliyoelezwa na Allen Downey mwaka 2007. Kwanza huchaguliwa eneo kwa kurusha sarafu, yaani kwa kusoma biti moja moja. Ikitoka 1, namba itakuwa kati ya 0.5 na 1; ikitoka 0, sarafu hurushwa tena kwa eneo la 0.25 hadi 0.5, na kuendelea hivyo kushuka. Eneo likishapatikana, biti nyingine hujaza tarakimu zake. Kila eneo linapata nafasi inayolingana na upana wake, na kwa wastani sarafu hurushwa mara mbili tu. Gharama yake ni mwendo: kuchota biti zote kwa mara moja na kugawanya ni haraka zaidi, ndiyo maana lugha nyingi zimebaki na njia hiyo.

Hata hivyo, namba iliyochotwa vizuri inaweza kuharibika hatua moja baadaye. Kuipeleka kwenye masafa mengine, tuseme kati ya `a` na `b`, hufanywa kwa `a + (b - a) * u`, na hesabu hiyo nayo hukadiriwa. Ingawa `u` haifiki 1, jibu linaweza kufika `b` lenyewe. Maelezo ya Python kuhusu `random.uniform` yanasema wazi kwamba mwisho huo unaweza kutokea au usitokee. Programu ambayo `b` ni marufuku kwake inapaswa kuikagua baada ya kujumlisha, na ikitokea, ichote upya.