Jozi au Makundi Mawili? Jibu Limo Kwenye Maelezo ya Swali

Mwanafunzi anapiga picha swali la takwimu kwa simu na kumtumia mwenzake: “Hapa natumia jaribio la jozi au la sampuli mbili?” Picha inaonyesha jedwali lenye safu mbili, namba kumi kushoto na kumi kulia. Maelezo ya juu yamekatwa. Mwenzake, hata awe hodari vipi, hawezi kumjibu kwa uhakika, kwa kuwa majedwali ya aina hizo mbili huweza kufanana kabisa. Kinachoyatofautisha ni namna namba zilivyopatikana, na hilo limo katika sentensi zilizobaki nje ya picha.

Mfano mzuri ni wa mwaka 1908. William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha makala kwa jina la “Student” akieleza njia ambayo leo tunaiita jaribio la t. Mojawapo ya mifano yake ilihusu wagonjwa kumi na dawa mbili za usingizi. Kwa kila dawa, ziliandikwa saa za usingizi ambazo mgonjwa aliongeza au kupunguza. Dawa ya kwanza ilileta wastani wa nyongeza ya saa 0.75, na ya pili saa 2.33. Tofauti ya wastani ni saa 1.58. Je, tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu?

Tuseme tumeona safu mbili tu, tukadhani ni watu ishirini waliogawanywa makundi mawili. Tutagawanya 1.58 kwa kipimo cha kuyumba kwa tofauti hiyo, ambacho hapa ni karibu 0.85, na kupata t ya 1.86. Digrii za uhuru ni 18, na jedwali la t linadai angalau 2.10 katika kiwango cha asilimia 5, pande zote mbili. Hatujafika, hivyo tungeandika kwamba ushahidi hautoshi.

Sasa tusome maelezo: ni wagonjwa walewale kumi waliotumia dawa zote mbili. Mgonjwa wa saba aliongeza saa 3.7 kwa dawa ya kwanza na 5.5 kwa ya pili. Wa nne alipoteza saa 1.2 kwa ya kwanza na kuongeza 0.1 tu kwa ya pili. Watu hawa wametofautiana mno kwa asili yao, na kutofautiana huko ndiko kulikoifunika tofauti ya dawa. Tukitoa namba ya kila mgonjwa kwa namba yake mwenyewe, tunabaki na orodha moja ya tofauti kumi: 1.8 kwa wa saba, 1.3 kwa wa nne, na kadhalika. Wastani ni uleule 1.58, lakini kuyumba kwake kumeshuka hadi karibu 0.39. Sasa t ni 4.06, na kwa digrii 9 za uhuru jedwali linadai 2.26 tu. Hitimisho limegeuka.

Kwa hiyo, ukishika karatasi ya mtihani, tafuta kwanza nani alipimwa, na alipimwa mara ngapi. Kisha jiulize: nikichanganya mpangilio wa safu ya kulia, je, nitapoteza habari yoyote? Kwa wagonjwa wa Gosset utapoteza, kwani kila mstari ni mtu mmoja. Jozi si lazima iwe mtu yuleyule; mapacha, mume na mkewe, au vipande viwili vya shamba moja vilivyopewa mbolea tofauti pia ni jozi. Lakini ikiwa wagonjwa walipangwa kwa kura, kumi dawa hii na wengine kumi dawa ile, mistari haina maana, na jaribio ni la sampuli mbili.

Idadi ya namba husaidia upande mmoja tu. Safu za 10 na 12 haziwezi kuwa jozi kamili, ila safu zinazolingana hazithibitishi jozi. Maneno “kabla” na “baada” nayo hudanganya: wanafunzi 30 waliopimwa Januari na wengine 30 waliochaguliwa upya Juni ni makundi mawili. Jaribio la jozi likitumika hapo, mtu anatolewa kwa mtu asiyehusiana naye, na matokeo yanategemea nani aliandikwa mstari upi.

Usijaribu njia zote mbili ukachagua yenye t kubwa. Utafiti ulishaamua kabla ya namba kukusanywa. Kwenye karatasi ya majibu andika kwanza sentensi moja, kwa mfano, “Kila mgonjwa alitumia dawa zote mbili, hivyo natumia jaribio la jozi.” Na ukimpigia mwenzako picha ya swali, anzia pale maelezo yanapoanzia.