Masomo ya video kwenye simu: Kwa nini bando huisha haraka na namna ya kulitunza

Shule zote nchini zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) ilipeperusha masomo kupitia redio, runinga na chaneli yake ya YouTube. Tangu wakati huo, familia nyingi za Kericho na Bomet zimezoea kuona mtoto akisoma kwa video fupi kwenye simu ya mzazi. Malalamiko yao yanafanana: video hukwama katikati ya somo, au bando huisha kabla ya somo kuisha. Matatizo haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni jinsi programu ya masomo inavyochagua ubora wa picha.

Somo la dakika sita halihifadhiwi mtandaoni kama video moja. Huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora, kuanzia picha hafifu ya 144p, kupitia 360p, hadi picha safi ya 720p au zaidi. Kila kiwango hukatwa vipande vifupi vya sekunde chache. Mtoto anapobonyeza kitufe cha kucheza, simu hupokea kwanza orodha ya vipande vyote, kisha huanza kuviomba kimoja baada ya kingine. Kila kipande kinapofika, programu hupima kilichukua muda gani. Kikifika haraka, kinachofuata huombwa katika ubora wa juu. Kikichelewa, kinachofuata huombwa katika ubora wa chini. Simu pia huweka akiba ya vipande kadhaa mbele ya kile kinachotazamwa. Akiba hiyo ikiisha kabla ya kipande kipya kufika, ndipo kile kiduara kinaanza kuzunguka na somo linasimama.

Mpango huu unafaa sana katika nchi ya vilima. Mkazi wa Konoin au Bureti anajua kwamba simu inayopata mtandao mzuri juu ya kilima inaweza kuupoteza akiteremka bondeni kidogo tu. Jioni, watu wengi wanapotoka mashambani na kushika simu kwa wakati mmoja, mnara uleule hugawanywa kwa wengi na kasi hushuka. Kubadilisha ubora kipande kwa kipande huwezesha somo kuendelea, hata kama picha inakuwa na ukungu kwa muda.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba programu hupima kasi ya mtandao tu. Haijui bando lina kiasi gani, wala limenunuliwa kwa pesa ngapi. Kwa hiyo mtandao unapokuwa mzuri, ubora hupanda wenyewe na bando huliwa haraka zaidi. Mtoto anayesoma akiwa mjini Kericho, penye mtandao wa 4G wenye nguvu, anaweza kumaliza bando mapema kuliko mwenzake aliye bondeni, ingawa wametazama somo lilelile.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue somo la hisabati la sekunde 360. Katika ubora wa 360p, video ya mwalimu anayeandika ubaoni huweza kutumia takriban kilobiti 600 kwa sekunde. Zidisha 600 kwa 360, kisha gawanya kwa 8 ili kupata kilobaiti. Jibu ni 27,000, yaani megabaiti 27. Somo hilohilo katika 720p, kwa kilobiti 2,400 kwa sekunde, hutumia megabaiti 108. Bando la gigabaiti moja litatosha masomo 9 katika ubora wa juu, lakini masomo 37 katika ubora wa wastani. Kiasi kamili hutofautiana kati ya video na video, ila uwiano huo unasaidia kupanga matumizi.

Je, mtoto hupoteza chochote akitazama 360p? Kwenye kioo cha simu ya kawaida, maandishi makubwa ya ubaoni husomeka bila shida. Tatizo huanza kwenye 144p, ambapo alama ndogo kama vipeo au nukta ya desimali hupotea, na mtoto anaweza kunakili hesabu isiyo sahihi. Ikiwa anaisogeza simu karibu na macho ili asome, basi ubora umeshuka mno. Sauti haihitaji data nyingi, na kwa somo la lugha au la kusimuliwa hata picha hafifu inatosha.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutoiachia simu ijiamulie. Katika YouTube, fungua mipangilio, kisha sehemu ya ubora wa video. Palipoandikwa "Auto" badilisha uchague "Data saver". Fanya hivyo upande wa data ya simu, kwa kuwa upande wa waifai huwekwa peke yake. Zima pia kipengele cha kucheza video inayofuata, kwa sababu somo likiisha simu ikiwa mezani, nyingine huanza na bando linaendelea kuliwa bila mtazamaji.

Hatua ya pili ni kupakua somo na kulihifadhi kwa ajili ya baadaye. Faida yake huonekana zaidi somo linaporudiwa. Tuseme mtoto ana masomo 10 ya wiki, na kila moja analitazama mara mbili. Akitazama mtandaoni moja kwa moja katika 360p, anaweza kutumia megabaiti 540. Akipakua kwanza, atatumia 270 tu, hata akirudia mara tano. Yakipakuliwa mahali penye waifai, bando la mzazi haliguswi kabisa. Isitoshe, upakuaji hauhitaji kasi. Kipande kikichelewa, simu husubiri, na mtandao ukikatika programu nyingi huendelea pale zilipoishia. Mtandao dhaifu wa usiku, ambao haungeweza kuonyesha somo bila kukwama, unaweza kulileta lote kabla ya alfajiri.

Kabla ya kupakua, programu huuliza ubora unaotakiwa. Hapa simu haitabadilisha chochote baadaye: ukichagua hafifu, somo litabaki hafifu. Washa pia chaguo la kupakua kwa waifai pekee, linaloandikwa "Download over Wi-Fi only", ili upakuaji usihamie kwenye bando mzazi anapoondoka na simu.

Kuna mipaka ya kufahamu. Somo lililopakuliwa hukaa ndani ya programu yenyewe, si pamoja na picha za kawaida za simu, hivyo mara nyingi haliwezi kutumwa kwa simu ya jirani. Programu ikifutwa, au data yake ikisafishwa ili kupata nafasi, masomo hupotea nayo. Programu nyingine hudai simu iunganishwe na mtandao kila baada ya muda fulani, la sivyo somo hukataa kufunguka. Na si kila video ina kitufe cha kupakua, kwani mwenye video ndiye anayeruhusu.

Kwa sababu hiyo, ni vyema kufanya jaribio dogo siku ileile ya kupakua. Zima data na waifai, au washa hali ya ndege, kisha fungua somo na urukie dakika ya mwisho. Likicheza hadi mwisho, liko salama kwenye simu. Likikwama, halikumaliza kupakuliwa, na ni heri kujua hivyo mtandao ukiwa bado upo kuliko jioni mtoto anapofungua daftari.