Kiunzi cha Nadharia na Kiunzi cha Dhana katika Utafiti

Kiunzi cha nadharia ni nadharia iliyokwisha kujengwa na wataalamu, ambayo mtafiti huichagua ili imsaidie kueleza kwa nini jambo analolichunguza hutokea. Kiunzi cha dhana huundwa na mtafiti mwenyewe, mara nyingi kwa mchoro wa visanduku na mishale. Huonyesha mambo atakayoyapima katika utafiti wake na jinsi anavyotarajia yahusiane.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayetaka kujua kwa nini baadhi ya wakulima wa Mbozi hupanda mbegu chotara za mahindi na wengine huendelea na mbegu walizozihifadhi wenyewe. Nadharia inayomfaa ni ile ya usambaaji wa uvumbuzi, aliyoifafanua Everett Rogers katika kitabu chake cha mwaka 1962. Miongoni mwa tafiti zilizoitangulia ni ule wa Ryan na Gross wa mwaka 1943, uliohusu wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, na mbegu hizohizo chotara za mahindi.

Rogers anasema kitu kipya hupokewa haraka au polepole kutegemea watu wanavyokiona katika mambo matano: kama kina faida kuliko cha zamani, kama kinaendana na mazoea yao, kama ni kigumu kukielewa na kukitumia, kama kinaweza kujaribiwa kidogo kwanza, na kama matokeo yake yanaonekana kwa wengine. Hapo mwanafunzi amepata sababu za kutegemea jibu fulani. Mbegu chotara, kwa mfano, hupunguza mavuno zikirudiwa, kwa hiyo hununuliwa kila msimu. Kwa mkulima aliyezoea kuchagua mbegu kutoka ghalani mwake, hilo haliendani na mazoea, na nadharia inaashiria kwamba atasita.

Hata hivyo, nadharia hii haikuandikwa kwa ajili ya Mbozi, na msisitizo wake uko kwenye uamuzi wa mtu. Mkulima anaweza kuitaka mbegu akakosa fedha wakati wa kupanda, au duka la pembejeo likawa mbali. Kazi ya kiunzi cha dhana inaanzia hapa. Mwanafunzi anachukua kutoka kwa Rogers mambo matatu anayoweza kuyapima, yaani faida inayoonekana, kuendana na mazoea, na kuyaona matokeo katika shamba darasa. Kisha anaongeza mawili kutokana na mazingira ya eneo lake: umbali wa duka na upatikanaji wa mkopo. Hayo matano ndiyo vigeu huru. Kupanda au kutopanda mbegu chotara ndicho kigeu tegemezi. Kila kigeu kinapewa kipimo chake katika hojaji. Umbali, kwa mfano, kwa kilomita.

Tofauti ya viunzi hivi huonekana wazi katika kujenga hoja. Tuseme takwimu zinaonyesha kwamba waliotembelea shamba darasa hupanda mbegu chotara zaidi. Kiunzi cha dhana ndicho kilichomwongoza mwanafunzi kuuliza swali hilo na kulinganisha makundi mawili. Kiunzi cha nadharia kinampa neno “kwa sababu”: mavuno yanayoonekana kwa macho hupunguza wasiwasi. Tuseme pia kwamba umbali wa duka una nguvu kuliko yote. Kama umbali usingeongezwa, mwanafunzi angehitimisha kwamba wakulima hawataki mabadiliko, ilhali kinachokosekana ni mbegu yenyewe. Rogers mwenyewe aliwaonya watafiti dhidi ya kumlaumu mtu kwa kasoro za mfumo unaomzunguka.

Makosa hujitokeza mahali panapojulikana. Nadharia hutajwa katika sura ya pili, kisha haionekani tena katika mjadala wa matokeo. Hapo imebaki pambo. Mchoro huwa na kisanduku ambacho hakina swali hata moja katika hojaji. Mshale nao hudai usababishi ambao data haiwezi kuuthibitisha: katika utafiti wa kuhoji watu mara moja tu, huenda mkulima alikwenda shamba darasa baada ya kuanza kupanda chotara, si kabla.

Si kila utafiti huanza na viunzi vyote viwili. Mbinu ya Glaser na Strauss ya mwaka 1967 huanza na data na kuiacha nadharia ichipuke humo. Lakini utafiti unaopima uhusiano wa vigeu unahitaji kujipima hivi: kila mshale katika mchoro uwe na sababu inayoutetea, swali linaloupima na aya inayoujadili. Mshale unaokosa kimojawapo urekebishwe au ufutwe kabla ya kwenda kukusanya data.