Barua kwa Mkurugenzi, barua kwa mjomba

Chukulia mama wa Tarafa ya Amani anataka kumhamisha mwanawe wa darasa la tano, asome Muheza mjini na kukaa kwa mjomba wake yeye mama. Ana barua mbili za kuandika kwa jambo hilohilo moja, na heshima ya barua moja haifai katika nyingine.

Ofisini, heshima ni kutaja cheo sawasawa na kufuata njia. Barua ya uhamisho anaiandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Muheza, kupitia kwa Mwalimu Mkuu wa shule anakosoma mtoto. Maneno "Kupitia kwa" yasipoandikwa, mwalimu anaonekana amerukwa, na barua inaweza kurudishwa ianzie kwake.

Mkurugenzi ni mtumishi wa umma, kwa hiyo anaitwa "Ndugu". Wazazi wengi huogopa neno hilo wakidhani ni dogo, wakaandika "Mheshimiwa". Hilo ni la diwani, mbunge, waziri, hakimu au Mkuu wa Wilaya. "Ndugu" halimvunjii mtu hadhi. Ndilo neno la kawaida la barua za serikali.

Baada ya hapo huja kichwa: "YAH: MAOMBI YA UHAMISHO WA MWANAFUNZI", kisha jina la mtoto, darasa, shule anayotoka, shule anayoombewa na sababu. Shikamoo haiingii hapa, wala habari za nyumbani. Afisa ana barua nyingi mezani, na kumheshimu ni kumwezesha kuona ombi mara moja. Malizia kwa "Wako mtiifu", sahihi, jina kamili na namba ya simu.

Kwa mjomba mambo yanageuka. Ukimwandikia "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", atajiuliza amekukosea nini. Anza hivi:

"Mjomba, shikamoo. Natumaini wewe, shangazi na wote hapo nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima."

Jina lake halitajwi. Anaitwa kwa udugu. Ombi nalo huja baada ya salamu, tena kwa sura ya kutaka shauri:

"Nimeona nisiamue kabla sijasikia neno lako. Naomba, ukiona inafaa, mjukuu wako aje kukaa nanyi wakati wa masomo. Ikiwa nafasi ni finyu, nitalipokea lolote utakaloona jema."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Inampa mzee mlango wa kukataa bila aibu. Usimwekee tarehe ya kujibu, na usiandike "nataka". Hata ukituma kwa simu, shikamoo iandike yote, usiikate kuwa "shkm".

Barua ya mjomba itangulie. Mzee akisikia uhamisho umeshaombwa ofisini kabla ya kuulizwa, shikamoo haitatengeneza kitu.