Nimeshiba na naomba ruhusa: kukataa ukarimu bila kumkatalia mwenyeji

Mgeni anapokaribishwa kuongeza chakula katika nyumba ya Unguja au Pemba, jibu "sitaki" huumiza, hata likitamkwa kwa upole. Kitenzi *taka* hueleza nia ya msemaji, hivyo mwenyeji husikia kwamba chakula chake hakikupendeza. "Hapana, asante" ni sahihi kisarufi, lakini likisimama peke yake ni jibu kavu mbele ya mtu mzima aliyeshika upawa.

Jibu la kawaida ni "nimeshiba". Kiambishi *-me-* huonyesha hali iliyotokana na tendo lililokwisha: mgeni amekula, na shibe aliyo nayo imetoka kwenye sinia ya mwenyeji. Kwa hiyo neno hilo hukataa na kusifu kwa pamoja, na Waislamu wengi hulifuatisha na "alhamdulillahi". "Basi, yatosha" hufaa wakati chakula kinapopakuliwa, kwani husemea kiasi kilichomo sahanini. "Nimekinai" litumiwe kwa hadhari, maana laweza kueleweka kuwa mtu amechoshwa na chakula chenyewe.

"Nimeshiba" lina sharti moja: lisitangulie tonge la kwanza. Asiyegusa chakula akasema ameshiba huenda akaulizwa, "Umeshiba wapi?" Aliyekula kwingine hueleza ukweli, kisha akaonja: "Nimekwisha kula, lakini nitaonja."

Kuondoka nako kuna kanuni ya namna hiyo. "Naondoka kesho" ni tangazo, ilhali "naomba ruhusa" huacha uamuzi mikononi mwa mwenye nyumba. Tazama mazungumzo haya baina ya msafiri kijana na bibi aliyempokea:

— Ongeza pilau, mwanangu. Mbona hukula?
— Nimekula sana, bibi. Nimeshiba, alhamdulillahi.
— Haya. Chumba kipo, kaa nasi hata wiki moja.
— Ahsante, bibi. Ningependa kukaa, ila kazini wananingoja. Naomba ruhusa niondoke kesho asubuhi.
— Ruhusa unayo. Lakini utakunywa chai kwanza.
— Chai nitakunywa, bibi.

Kijana hakusema "hapana" hata mara moja. Shukrani imetangulia sababu, na sababu imetajwa kwa ufupi, kwani maelezo marefu hufungua mlango wa kubembelezwa upya. Kitenzi *niondoke* kimo katika hali ya dhamira, inayofuata ombi. Chai ameikubali, kwa kuwa mwenyeji aliyekubali mgeni aondoke naye anastahili kukubaliwa jambo.

Methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" huonyesha kwamba ukarimu una mpaka. Hata hivyo, mgeni asiitumie kama sababu ya kuondoka: akiitaja yeye, huenda ikasikika kana kwamba anamshuku mwenyeji kuwa amemchoka.

Kwa mfasiri, basi, "nimeshiba" katika mazungumzo ya namna hii si taarifa ya tumbo tu. Tafsiri inayotaja shibe na kuacha shukrani imepoteza nusu ya maana.