Kinara Akipewa Mia, Wewe Utapata Ngapi?

Desemba 2012, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mhadhiri wa kompyuta Peter Fröhlich alikaa ndani ya chumba cha mtihani, na wanafunzi wake wakabaki nje. Hawakugoma kwa sababu ya ada wala chakula cha bwenini. Walikuwa wameisoma vizuri kanuni yake ya kutoa maksi, wakapiga hesabu, wakagundua kwamba wote wasipofanya mtihani, wote watapata mia.

Kanuni hiyo Fröhlich alikuwa nayo tangu alipoanza kufundisha hapo mwaka 2005. Anayeongoza darasa huhesabiwa kuwa amepata zote, na wengine wanapimwa kwake. Mfano wake mwenyewe ulikuwa huu: mtihani una maksi 40, aliyeongoza amepata 36, basi hiyo 36 ndiyo asilimia 100, na kila mtu anapewa asilimia ya 36 badala ya 40. Wanafunzi wakauliza swali ambalo kwa miaka saba hakuna aliyelifikisha mwisho: je, aliyeongoza akiwa na sifuri? Mwenye sifuri atakuwa sawa na kinara, na kinara ana mia. Madarasa matatu yalifanya hivyo. Wanafunzi walisimama mlangoni wakichungana, tayari kumiminika ndani endapo mmoja angekiuka makubaliano. Hakuna aliyeingia. Fröhlich alingoja, akaona hakuna dalili, akawapa wote mia.

Kihesabu angeweza kubisha. Kanuni inasema gawanya maksi zako kwa za kinara, na sifuri kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Lakini kwa maneno kanuni ilisema wa juu apewe zote, na mhadhiri akaheshimu maneno yake. Baadaye aliongeza kifungu: wote wakipata sifuri, wote watapewa sifuri.

Mgomo ule ulishika kwa sababu msaliti hakuwa na cha kufaidi. Mwanafunzi mmoja angeingia akapata hata maksi moja, yeye ndiye angekuwa kinara mwenye mia, na wenzake wote wangebaki na sifuri. Lakini mia hiyo alikuwa nayo tayari akiwa amesimama nje. Kilichoweza kumwingiza ndani ni hofu tu, kwamba mwenzake ataingia kabla yake. Na hofu hiyo ilitulia kwa kuwa kila mtu alikuwa akiuona mlango.

Huo ni ukingo wa kanuni, mahali inapovunjika. Katikati, inakotumika siku zote, ni hesabu ya darasa la saba. Chukua maksi zako ghafi, yaani zile zilizoandikwa kwenye pepa kabla ya kurekebishwa, zidisha kwa 100, gawanya kwa maksi za aliyeongoza. Mwenye 27 katika mtihani ule wa 40 alikuwa na asilimia 67.5. Kwa kuwa kinara ana 36, sasa ana 75. Mwenye 18 anapanda kutoka 45 hadi 50, na mwenye 9 kutoka 22.5 hadi 25.

Tazama nyongeza zenyewe. Wa juu kaongezewa pointi saba na nusu, wa kati tano, wa chini mbili na nusu. Watu wengi hudhani kanuni hii imebuniwa kuwanusuru waliofeli, kumbe anayefaidi zaidi ni yule aliyekuwa karibu na kileleni. Nafasi za darasa hazibadiliki hata kidogo, wa tano anabaki wa tano, lakini mapengo kati ya watu yanapanuka.

Wapo walimu wanaofika kilele hichohicho kwa njia nyingine: kinara kapungukiwa maksi nne, basi kila mtu aongezwe nne. Hapo mwenye 27 anakuwa na 31 kati ya 40, sawa na 77.5, na mwenye 9 anapata 13, sawa na 32.5. Kila mmoja kapanda asilimia kumi, bila kujali alikuwa wapi. Kwa mwanafunzi aliye kwenye mstari wa kufaulu tofauti hii si ndogo. Kama kufaulu ni asilimia 50, kwa kuzidisha anahitaji maksi ghafi 18. Kwa kujumlisha, 16 zinatosha. Kwa hiyo anayesikia kwamba wa kwanza atapewa zote ameambiwa nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi wengine watakavyovutwa.

Njia ya tatu hufunga sehemu mbili kwa pamoja. Mwalimu anasema kinara apate 100 na mwenye wastani wa darasa apate, tuseme, 70. Ikiwa wastani ulikuwa 21 na kinara ana 36, kati yao kuna maksi ghafi 15 zinazopaswa kujaza pointi 30, kwa hiyo kila maksi ghafi moja ina thamani ya pointi mbili. Mwenye 27 yuko sita juu ya wastani: 70 na 12, jumla 82. Mwenye 9 yuko kumi na mbili chini: 70 toa 24, anabaki na 46. Hapa ndipo wa chini wanapookolewa kweli, hata aliyeambulia sifuri anatoka na 28. Zote tatu, zikichorwa kwenye karatasi ya grafu, ni mistari iliyonyooka inayokutana pale juu kwa kinara.

Tuseme sasa matokeo hayajatoka, na mwanafunzi anakadiria kwamba amepata 27. Kwa njia ya kuzidisha anahitaji namba moja tu asiyoijua, ile ya kinara. Asiibashiri, atafute mipaka yake. Mtu akipata zote 40, hakuna kitakachobadilika na yeye atabaki na 67.5. Hiyo ndiyo sakafu, hawezi kushuka chini yake. Kinara akiwa na 36 atapata 75, akiwa na 33 atapata karibu 82. Katika eneo hilo, kila maksi moja anayoongeza kinara humpunguzia yeye takriban pointi mbili. Jibu la uaminifu siku hiyo ni “kati ya 67.5 na 82”, na litasogea pale tu atakapopatikana mtu anayeijua maksi ya juu.

Udhaifu wa kanuni uko papo hapo. Darasa zima linaning'inia kwa mtu mmoja. Chukua darasa ambalo wa pili ana 31, na wa kwanza, aliyelifanya somo hilo mara ya pili au aliyezaliwa nalo, ana 40. Mwenye 27 anapata 67.5. Huyo mmoja angeugua siku ya mtihani, 27 ileile ingekuwa 87. Ujuzi wa mwanafunzi haujabadilika, ugumu wa mtihani ni uleule, ila cheti kinasema jambo tofauti kabisa. Ndiyo maana baadhi ya walimu humweka pembeni aliyewazidi wote kwa mbali, wakapimia wa pili, na kinara akaandikiwa mia. Ni uamuzi wa busara, mradi utangazwe kabla ya mtihani.

Hili lisichanganywe na yaliyotokea Tanzania mwezi Mei 2013, serikali ilipoyafuta matokeo ya kidato cha nne ya 2012 na kuagiza yapangwe upya. Mtihani wa taifa haupimwi kwa mtoto mmoja aliyeongoza. Hesabu yake ni nyingine.

Makosa mengi hata hivyo hayatoki kwenye kanuni bali kwenye kompyuta ya mwalimu. Maksi za wanafunzi 60 zikiwa kwenye safu ya B, kuanzia mstari wa pili, fomula sahihi ni hii:

```
=B2/MAX(B$2:B$61)*100
```

Alama za dola ndizo zinazoshikilia orodha isisogee fomula inapoburutwa kwenda chini. Mwalimu akizisahau, mstari wa tatu unatafuta kinara kuanzia mstari wa tatu, wa kumi kuanzia wa kumi, na kila anayefuata anapimwa na walio chini yake tu. Orodha ikiwa imepangwa kutoka wa juu hadi wa chini, kila mtu anakuwa kinara wa waliobaki, na safu nzima inajaa 100. Hilo mwalimu ataliona mara moja. Hatari ni orodha iliyopangwa kwa majina: maksi zinaonekana za kawaida, ila wenye majina ya mwisho wa alfabeti wamepanda kuliko wanavyostahili.

Kosa jingine ni kidole kuteleza, 36 ikaandikwa 63. Kinara anaonekana ana mia kama kawaida, hakuna kinachoshtua, lakini darasa zima limeporomoka na mwenye 27 amepewa 42.9.

Mwanafunzi anaweza kuyanasa haya bila kuliona jedwali la mwalimu. Ageuze hesabu: maksi ghafi mara 100, gawanya kwa alama aliyopewa, jibu ni maksi za kinara. 27 mara 100 gawanya kwa 42.9 ni 63, na mtihani ulikuwa wa 40.

Akiwa na rafiki aliye tayari kumwonyesha pepa yake, anaweza hata kujua ni njia ipi iliyotumika. Yeye ana 27 na kapewa 82, rafiki ana 18 na kapewa 64. Tofauti ya maksi ghafi ni 9, ya alama mpya ni 18, kwa hiyo maksi moja ina thamani ya pointi mbili. Yeye kabakiza pointi 18 kufika mia, yaani maksi ghafi tisa, basi kinara alikuwa na 36. Kama ingekuwa ni kuzidisha tu, 27 na 18 zingegawanywa kwa alama zao mpya zingetoa jibu moja. Hapa hazitoi, kwa hiyo mwalimu amefunga sehemu mbili.

Kabla ya kushangilia, ni vizuri kuuliza mtihani huo una uzito gani katika kozi. Ukiwa na asilimia 40 ya kozi nzima, kupanda kutoka 67.5 hadi 75 kunaongeza pointi tatu tu kwenye alama ya mwisho. Na mwalimu aulizwe mapema kama anarekebisha kila mtihani peke yake au jumla ya mwisho wa muhula, kwa sababu kinara wa jaribio la Oktoba na kinara wa jumla mara nyingi ni watu wawili tofauti, na kila mmoja anavuta darasa kwa kiasi chake.