MAHARI: DENI LISILOSAHAULIKA
Yanayopasa kutajwa na kuandikwa siku ya nikaha

Katika nyumba nyingi za mijini harusi ya Kiislamu hukumbukwa kwa pilau, ngoma na nguo za bibi arusi. Lakini ndoa yenyewe hufungwa kwa maneno machache, na miongoni mwa maneno hayo hutajwa mahari. Ndugu msomaji, hapo ndipo penye haki ambayo wanawake wengi huipoteza bila ya kujua.

Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa madhehebu hayo nikaha ina nguzo tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuoza na kupokea. Walii ni baba. Asipokuwapo ni babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume wa baba na mama mmoja, kisha wa baba mmoja, halafu watoto wao wa kiume, na baada yao baba mdogo au baba mkubwa. Mjomba, hata akiwa ndiye aliyemlea binti, si walii. Asipopatikana yeyote wa upande wa baba, kadhi ndiye anayeoza.

Shughuli huenda hivi. Kwanza bibi arusi huulizwa ridhaa yake, naye huambiwa kiasi cha mahari. Walii akipenda humwakilisha shehe aoze kwa niaba yake. Kisha husomwa hotuba ya nikaha. Shehe humwambia bwana arusi: "Nimekuoza fulani binti fulani, kwa mahari ya kiasi kadha." Naye hujibu papo hapo: "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo." Mashahidi hawana budi kuyasikia maneno yote mawili. Walii hahesabiwi kuwa shahidi, hata kama amemwakilisha shehe. Hufuata dua, kutia saini, na bwana arusi kuingia ndani kumpa mkewe mkono.

Mahari yenyewe si nguzo. Yakiacha kutajwa, ndoa husihi, lakini mke hustahili mahari ya mfano, yaani kadiri wanayoolewa nayo wanawake wa ukoo wake walio sawa naye. Mahari ni mali ya bibi arusi peke yake. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni ada za jamaa, wala si sehemu yake. Hapa ndipo matatizo yanapozuka: mume hudai kwamba amekwisha toa, kumbe alichotoa ni kilemba na mkaja, au mzazi hupokea mahari na kuyatumia kwa karamu.

Desturi inaruhusu mahari yagawanywe: sehemu taslimu, na sehemu iwe deni. Tuchukue mfano. Mahari ni shilingi 600,000. Bwana arusi ametoa 200,000, na 400,000 zimebaki. Miaka kumi baadaye mume afariki, akiacha watoto na shilingi 2,000,000 baada ya gharama za maziko, wala hana deni jingine. Ikiwa deni la mahari limeandikwa, mjane hupewa kwanza 400,000 zake, kwa kuwa madeni hulipwa kabla ya mirathi. Zinabaki 1,600,000, na humo hupata thumuni yake, 200,000. Jumla ni 600,000. Ikiwa halikuandikwa na mashahidi wamekwisha kufa au kusahau, warithi wenzake waweza kulikana, naye akabaki na thumuni ya 2,000,000 tu, yaani 250,000. Kwa kukosa mstari mmoja wa wino amepoteza shilingi 350,000.

Talaka nayo ina hesabu yake. Mke akiachwa kabla ya kuingiliwa, hustahili nusu ya mahari yaliyotajwa. Akiachwa baada ya hapo, hustahili yote, na lililobaki ni deni juu ya mume. Mke mwenyewe aweza kulisamehe, lakini msamaha uwe wa hiari yake, si wa kushurutishwa na wakwe.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na inataka ndoa iandikishwe. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, bibi arusi, au mtu anayemwamini, na aisome karatasi. Atazame kama kiasi chote cha mahari kimeandikwa, kilichotolewa ni kipi, aliyekipokea ni nani, na deni limebaki kiasi gani. Ikiwa cheti hakina nafasi ya hayo, na yaandikwe katika hati ya pembeni yenye saini za mume na mashahidi wote wawili. Nakala moja akae nayo mke mwenyewe.